Kulipa dukani Nairobi: M-Pesa ya leo na shilingi ya kidijitali ya Benki Kuu

Tuanze na jambo ambalo wauzaji wengi wamelisikia nusu nusu: Benki Kuu ya Kenya bado haijatoa shilingi ya kidijitali. Februari 2022 ilichapisha waraka wa kuomba maoni ya umma kuhusu sarafu hiyo, na Juni 2023 ikatangaza kwamba kwa muda mfupi na wa kati haioni haja ya dharura ya kuitoa. Kwa hiyo ukifikiwa leo na mtu anayekusajili kwenye "pochi ya shilingi ya Benki Kuu" kwa ada ndogo, huyo ni tapeli.

Hata hivyo nchi kadhaa zimeshaitoa au kuijaribu, na tunajua vya kutosha jinsi pochi ya aina hiyo inavyolipa dukani. Ndiyo maana naona inafaa kuiweka kando ya M-Pesa na kuuliza: siku ikifika Nairobi, mwenye duka la mtaani ataipokea kwa faida gani, na ataipokea kwa hasara gani?

Pesa ni ya nani

Ukiwa na shilingi 1,000 kwenye M-Pesa, hiyo ni ahadi ya Safaricom, kampuni inayoiendesha. Fedha zenyewe zimewekwa kwenye akaunti za amana katika benki za biashara, mbali na mali ya kampuni, na anayezisimamia ni mdhamini chini ya sheria za mfumo wa malipo. Shilingi ya kidijitali ingekuwa deni la Benki Kuu yenyewe kwako, sawa na noti iliyo mfukoni. Simu yako na benki yako zingekuwa njia tu ya kuifikia.

Tofauti hiyo ni ya kweli. Aliyekuwa na pesa Imperial Bank ilipofungwa Oktoba 2015, au Chase Bank Aprili 2016, anajua maana ya kusubiri pesa iliyo kwenye benki iliyoanguka. Lakini kwa kiasi kinacholala kwenye simu ya duka la mtaani usiku mmoja, sidhani hii ndiyo sababu ya kuchagua. Sababu iko kwenye ada, kwenye mtandao unaokatika na kwenye mkopo. Ada ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Duka moja la Kayole, kwa hesabu

Chukua duka la rejareja la Kayole: unga, sukari, maziwa, mkate, sabuni. Tuseme kwa siku linauza shilingi 18,000, na kati ya hizo 12,000 zinaingia kwa simu kupitia nambari ya tili ya Lipa Na M-PESA. Mteja anayelipa kwa tili hakatwi chochote. Anayekatwa ni muuzaji, asilimia 0.55 ya kila malipo yanayozidi shilingi 200. Malipo ya 200 kushuka chini hayakatwi.

Sasa gawa zile 12,000. Tuseme 5,000 ni za maziwa, mkate, mafuta ya kupima na vitu vingine vidogo, kila malipo yakiwa chini ya 200. Hizo zinaingia bure. Zilizobaki 7,000 ni za malipo makubwa zaidi, na asilimia 0.55 yake ni shilingi 38 na senti 50. Kwa siku 26 za kazi inafika shilingi 1,001 kwa mwezi.

Wengi huishia hapo wakilinganisha, na hapo ndipo hesabu inapowapotosha, kwa sababu pesa haikai kwenye tili. Asubuhi mwenye mkate anataka taslimu, mwenye mayai anataka taslimu, na fundi wa friji hivyo hivyo. Tuseme mama mwenye duka anahamishia laini yake sehemu ya mauzo, kisha kila siku anatoa 6,000 kwa wakala. Kiwango cha kutoa kati ya 5,001 na 7,500 ni shilingi 87. Kwa siku 26 ni shilingi 2,262.

Yaani mlango wa kutokea unamgharimu zaidi ya mara mbili ya mlango wa kuingilia.

Sasa weka shilingi ya kidijitali mahali pa tili. Nigeria ilipozindua eNaira tarehe 25 Oktoba 2021, kulipa kutoka pochi hadi pochi kulikuwa bure, na nchi nyingi zinazofikiria sarafu hizi hutaka malipo ya kawaida yawe hivyo. Tuchukulie Kenya nayo ifanye hivyo. Mama wa Kayole anaokoa ile 1,001 ya kuingilia. Ile 2,262 ya kutokea je? Wakala wa mtaani ana kodi ya kibanda, ana floti aliyoifunga pale, na anaogopa noti bandia na wezi. Hawezi kukupa taslimu bure eti kwa kuwa pesa imetoka Benki Kuu. Ama mtoaji wa pesa atalipa ada hiyo, ama serikali itamlipa wakala. Ikiwa ada itabaki ile ile, duka limeokoa chini ya theluthi moja ya gharama yote ya 3,263.

Faida kubwa itakuja tu mwenye mkate naye akikubali shilingi ya kidijitali, naye akailipe kwa kiwanda, na kiwanda kwa msagaji ngano. Pochi inayopokewa na wateja mia lakini haipokewi na msambazaji hata mmoja itakuwa mzigo kwa muuzaji. Nikiulizwa cha kutazama siku pochi hii ikitangazwa, ningesema usitazame mabango ya kando ya barabara. Nenda Nyamakima, zunguka maduka ya jumla, uliza nani anaipokea.

Na kwa haki, dawa hiyo hiyo ipo leo kwenye M-Pesa. Mama huyo akimlipa msambazaji zile 6,000 kwenye tili ya msambazaji kutoka laini yake ya kawaida, yeye hakatwi kitu na msambazaji anakatwa shilingi 33. Thelathini na tatu badala ya themanini na saba. Kabla hujasubiri Benki Kuu, mwombe msambazaji wako akupe nambari yake ya tili. Akilalamika kuhusu makato, hata mkigawana hizo 33 nusu kwa nusu bado wewe umetoka na nafuu kubwa, na yeye hazunguki mtaani na mfuko wa noti.

Pochi la Biashara

Wauzaji wadogo sana, mama mboga na wa vibanda vya viazi, mara nyingi hawana tili. Wana Pochi la Biashara, inayofunguliwa kwenye laini ya kawaida kwa `*334#` na kutenganisha pesa ya biashara na ya nyumbani. Muuzaji hakatwi akipokea. Anayekatwa ni mteja, kwa viwango vya kutuma pesa: kati ya 101 na 500 ni shilingi 7, kati ya 501 na 1,000 ni 13.

Kwa mboga za 350, shilingi 7 ni asilimia 2 ya bei. Kwa za 120 inakaribia asilimia 6. Ndiyo maana mteja husema, "Mama, weka iwe mia, hizi zingine nitaleta kesho," kwa kuwa kutuma 100 ni bure. Shilingi ya kidijitali isiyo na ada ingeondoa kabisa mzigo huu, na naona hapa ndipo ingekuwa na faida iliyo wazi kuliko mahali pengine popote. Mwenye tili anapata nafuu kidogo. Mama mboga na mteja wake ndio wangeihisi kila siku.

"Imeingia?"

Mteja anasema, "Nimetuma." Muuzaji anajibu, "Ngoja iingie." Maneno hayo mawili yamebeba suala zima la uhakika wa malipo.

Kwenye M-Pesa, daftari la pesa liko kwenye kompyuta za kampuni. Mteja akishaweka nambari ya siri, salio lake hupungua na la muuzaji huongezeka papo hapo pale kwenye daftari. Kinachochelewa mara nyingi ni ujumbe. Mtandao ukilemewa jioni, mteja anaonyesha ujumbe wake wa kuthibitisha na simu ya muuzaji iko kimya. Hapo matapeli hupata mwanya, kwa sababu ujumbe ulio kwenye simu ya mteja unaweza kuandikwa na yeyote. Njia ya kutofautisha ni moja: usisome simu ya mteja, soma salio lako mwenyewe kwa programu ya biashara au kwa menyu, kisha linganisha kiasi na msimbo wa muamala. Ukipokea ujumbe kwenye simu yako, angalia umetoka kwa MPESA au kwa nambari ya mtu, na uangalie kama salio jipya linakubaliana na lile la mwisho. Wanaobuni ujumbe wa uongo hawajui salio lako.

Pochi ya Benki Kuu ikiwa inatumia mtandao ingefanya kazi vivyo hivyo. Mteja anaskani msimbo wa duka, jina la duka linatokea, anathibitisha, na daftari linabadilika. Misimbo ya kuskani si mipya kwetu: Mei 2023 Benki Kuu ilizindua kiwango cha pamoja cha KE-QR ili karatasi moja ukutani itumike kwa watoa huduma wote. Hatari yake nayo itakuwa ile ile katika pande zote mbili, yaani mtu kubandika msimbo wake juu ya wako usiku. Kila asubuhi jilipie shilingi moja ukitumia simu nyingine, uone jina linalotokea ni lako.

Tofauti ingejitokeza pale mteja na duka wanapotumia watoa huduma tofauti. Kwa miaka mingi aliyekuwa na Airtel Money alikuwa hawezi kulipa kwenye tili ya Lipa Na M-PESA. Aprili 2022 Benki Kuu ilitangaza kuunganishwa kwa malipo ya dukani kati ya mitandao, lakini uunganishaji huo unategemea makubaliano ya kampuni na kampuni, na kila moja ina sababu zake za kuuharakisha au kuuchelewesha. Shilingi ya kidijitali ingekuwa moja tangu mwanzo. Pochi yangu ingeweza kuwa imefunguliwa benki moja na yako mtandao mwingine, na bado pesa ingepita bila kuuliza jirani.

Mtandao ukikatika

Hapa ndipo shilingi ya Benki Kuu inaweza kufanya jambo ambalo M-Pesa haifanyi. M-Pesa inahitaji kulifikia daftari kwa kila malipo. Mnara ukizimika, au kompyuta za kati zikilala, duka linarudi kwenye noti. Sarafu ya kidijitali inaweza kuundwa ili thamani ikae ndani ya chipu yenyewe, iwe kwenye kadi au kwenye simu. Unagusisha kadi kwenye kifaa cha muuzaji, chipu yako inapunguza salio na kutia sahihi ya kihesabu, chipu ya muuzaji inahakiki sahihi hiyo na kuongeza salio lake. Hakuna anayepiga simu kwa kompyuta ya kati. Benki ya Ghana iliijaribu eCedi yake kwa njia hiyo kwa kadi huko Sefwi Asafo, na China inayo malipo ya namna hiyo kwenye sarafu yake.

Uhuru huo una bei yake, na muuzaji anapaswa kuielewa kabla ya kuushangilia. Kwa kuwa hakuna daftari linaloulizwa, mtu akifanikiwa kuivunja chipu anaweza kutumia shilingi zile zile mara mbili, na hakuna atakayejua hadi vifaa virudi mtandaoni. Kwa hiyo wabunifu huweka mipaka: kiasi kidogo kwa kila malipo, na idadi fulani ya malipo kabla ya kadi kulazimika kuunganishwa tena. Katika miundo mingine, pesa uliyopokea nje ya mtandao huwezi kuitumia mpaka kifaa chako kiunganishwe. Muuzaji aliyepokea jioni nzima gizani huenda asiweze kumlipa mwenye maziwa alfajiri kwa pesa hiyo. Kadi ikipotea, kilichokuwa ndani kimepotea kama noti. Na malipo ya nje ya mtandao yakienda kusiko, hakuna ofisi ya kuyarudisha, ilhali kwenye M-Pesa ukimtumia mtu kimakosa unaweza kupeleka ujumbe ule kwa 456 na kuomba pesa irudishwe.

Wala mtu asidhani kuwa kwa kuwa ni Benki Kuu basi mfumo hauanguki. Visiwa vya Karibi ya Mashariki vilizindua DCash Machi 2021. Januari 2022 mfumo mzima ulisimama kwa takriban miezi miwili, na chanzo kilikuwa cheti cha usalama cha kidijitali kilichopitwa na tarehe yake. Miezi miwili, kwa duka ambalo limebandika msimbo mmoja tu ukutani, ni kufunga.

Tarehe 24 ya mwezi

Kuna jambo ambalo wanaoandika kuhusu sarafu hizi hulipita haraka, nami naliona zito kuliko yote kwa Nairobi. Mteja wa Kayole tarehe 24 mara nyingi hana salio. Anaingia dukani, anaweka kapuni unga wa 200 na mafuta ya 180, na anapolipa kwa tili, Fuliza inamfidia kilichopungua. Tangu Januari 2019 mkopo huo umekuwa sehemu ya malipo ya dukani. Muuzaji anapokea yote kamili, na deni linabaki kati ya mteja na benki.

Pochi ya Benki Kuu haiwezi kushuka chini ya sifuri. Benki Kuu haimkopeshi mwananchi mmoja mmoja, na haina njia ya kumtathmini. Kwa hiyo mteja asiye na shilingi za kidijitali ama atakopa kwingine kwanza, akalipa ada ya kuhamisha, kisha akalipia unga, ama atamwambia mwenye duka amwandikie kwenye daftari. Sote tunajua atachagua lipi. Ada za Fuliza zinaumiza, na sizitetei. Lakini mwenye duka akiacha tili na kubaki na pochi mpya peke yake, deni lililokuwa la benki linarudi kuwa lake.

Vivyo hivyo kwa mkopo wa biashara. Mauzo yanayopita kwenye tili hujenga historia ambayo wakopeshaji huitazama. Mauzo yakigawanyika nusu huku na nusu kule, duka litaonekana limepungua biashara wakati halijapungua.

Kikomo cha pochi

M-Pesa inaruhusu salio hadi shilingi 500,000 na malipo ya hadi 250,000 kwa mara moja. Sarafu za benki kuu kwa kawaida huwekewa kikomo cha chini, kwa makusudi, ili watu wasikimbize akiba zao zote kutoka benki za biashara siku ya wasiwasi. Bahamas, iliyoanza Sand Dollar Oktoba 2020, ilimpa asiye na kitambulisho pochi ya hadi dola 500 tu.

Kwa mteja hilo si tatizo. Kwa muuzaji, kikomo kikijaa saa nane mchana, malipo yanayofuata ama yanakataliwa ama yanamwagika yenyewe kwenda kwenye akaunti yake ya benki. Pesa ikishamwagikia benki, kuirudisha kwenye simu ili kumlipa mwenye mayai kuna ada. Tumerudi pale pale kwenye mlango wa kutokea, ila sasa unapitia benki badala ya wakala.

Ningechagua vipi

Mama mboga anayetumia Pochi la Biashara aipokee shilingi ya kidijitali siku ya kwanza, alimradi haina ada kwa mteja na inafanya kazi kwenye simu ya mulika mwizi. Hana cha kupoteza, na wateja wake wanaokoa zile shilingi 7.

Mwenye tili aiweke kando ya tili, asiiondoe tili. Aanze na mauzo ya chini, apeleke pesa hiyo kwa wasambazaji wanaoikubali tu, na kila wiki aandike ametoa taslimu kiasi gani na imemgharimu ngapi. Nigeria inatufundisha subira hapa: utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba katika wiki yoyote ile, asilimia 98.5 ya pochi za eNaira zilikuwa hazitumiki.

Mwenye duka la jumla ndiye ningependa aangaliwe na Benki Kuu kabla ya wote. Yeye akiruhusiwa kikomo cha juu, na akiweza kuilipa kwa kiwanda bila kupitia benki, duka la Kayole litakuwa na mahali pa kuipeleka pesa yake kila asubuhi. Asiporuhusiwa, mama wa Kayole ataendelea kupanga foleni kwa wakala na kulipa zile 87.